Ukanda wa jina kwenye video za ufugaji: vipande vinne vya kutengeneza mara moja na kutumia kila wiki

Tangu nianze kuweka video za mafunzo kwenye chaneli yetu ya wilaya, maswali ninayopata kutoka kwa maafisa wenzangu si ya kamera wala ya maikrofoni. Wengi huuliza: "Ule ukanda unaoingia na jina la mfugaji unautengenezaje, na mbona kila video yako inafanana?" Leo nitaeleza ninavyoutengeneza, na kwa nini nimeupanga hivyo. Nitatumia mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho: video ya dakika sita ya kuchanja kuku wa kienyeji dhidi ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ukanda wa jina ni ule mstari wa maandishi unaotokea sehemu ya chini ya skrini mtu anapoanza kuongea, ukitaja jina lake na kazi yake. Kadi ya mada ni ile picha ya maandishi matupu inayotangaza somo. Kiolezo ni faili lililotengenezwa mara moja likiwa na rangi, fonti na vipimo vyote, likabakizwa tundu la kujaza maneno. Ukiwa na violezo, video ya leo na ya mwakani zitafanana bila wewe kupima upya.

KWA NINI TUNDU LIBAKI TUPU

Wengi hawatengenezi kiolezo. Wanachofanya ni kufungua mradi wa video iliyopita, kuuhifadhi kwa jina jipya na kubadilisha maneno. Ni njia ya haraka, na ndiyo njia ya hatari kuliko zote.

Mwaka jana mama mmoja mfugaji alinijia ofisini akiwa na simu mkononi. "Bwana mifugo, nimechanja kama video ilivyosema, lakini jirani yangu ananiambia nimekosea. Hebu angalia." Video haikuwa yangu wala ya ofisi yetu, ilitumwa kwenye kundi la wafugaji. Msemaji alikuwa anaeleza vizuri kabisa: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku. Lakini chini ya skrini palikuwa na kadi iliyosema "Changanya kwenye maji lita 20." Kadi ile ilikuwa ya video nyingine ya chaneli ileile, ya chanjo ya gumboro, ambayo hutolewa kwa maji ya kunywa. Aliyehariri alinakili mradi wa zamani, akabadilisha majina, akasahau kadi ya kipimo. Mama aliangalia video usiku akiwa amezima sauti ili asiamshe watoto, akafuata maandishi. Chanjo ya tone aliimimina kwenye ndoo ya maji ya bomba, ambayo kwa kawaida yana klorini, na klorini huua virusi hai vya chanjo. Hata kama vingebaki hai, hakuna ambaye angejua ni kuku yupi amekunywa kiasi gani. Tulinunua chanjo nyingine, tukaanza upya.

Somo la pale si kwamba mhariri awe makini zaidi, kwa sababu mtu anayehariri saa nne usiku atasahau tu. Somo ni kwamba mradi ulionakiliwa hubeba maneno ya zamani yanayoonekana kuwa sahihi. Jina la mtu halisi, kipimo halisi, kijiji halisi: jicho hupita juu yake bila kushtuka. Kiolezo kizuri kinapaswa kufanya kinyume. Ukisahau kukijaza, lionekane jambo la ajabu ambalo hata mtoto ataliuliza.

Ndiyo sababu napenda namna programu ya Kdenlive inavyofanya. Programu hii ni ya bure, na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisi inakwenda. Unapoandika kiolezo ndani yake, mahali pa maneno yanayobadilika unaweka alama hii:

```
%s
```

Ukisahau kujaza, kitakachotokea kwenye video ni alama hiyohiyo ya asilimia na herufi moja. Haimaanishi kitu kwa mfugaji, kwa hiyo haitampotosha. Na kwako wewe itakugonga machoni mara utakapoipitia video.

VIPANDE VINNE, SI ZAIDI

Kwa video ya mdondo nilihitaji vipande vinne tu, na mpaka leo sijaongeza cha tano. Vyote vinakaa kwenye folda moja:

```
mada.kdenlivetitle
jina.kdenlivetitle
kazi.kdenlivetitle
kipimo.kdenlivetitle
```

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jina na kazi viwe mafaili mawili wakati vinaonekana kwenye ukanda mmoja. Sababu ni kwamba kila alama ya %s iliyomo ndani ya faili moja hupokea maneno yaleyale. Ukiweka mbili, jina litaandikwa mara mbili. Kwa hiyo faili la kazi lina mstatili wa rangi pamoja na mstari wa pili wa maandishi, na faili la jina lina maandishi peke yake bila mandhari. Kwenye ratiba ya kuhariri, la kazi linakaa njia ya chini na la jina njia ya juu yake. Mtazamaji anaona ukanda mmoja.

Kutengeneza ni hivi. Fungua menyu ya Project, chagua Add Title Clip. Chora mstatili, weka maandishi %s, chagua fonti na ukubwa, kisha hifadhi faili kwenye folda yako. Baada ya hapo usilifungue tena faili hilo kwa kazi ya kila siku. Ukitaka ukanda kwenye video, nenda Project, chagua Add Template Title, onyesha faili, halafu kwenye sehemu ya Clip Properties andika maneno ya video hiyo. Kumbuka pia kwamba ukirekebisha kiolezo chenyewe, mradi unaokitegemea nao hubadilika. Nikitaka sura mpya, nahifadhi kiolezo kwa jina jipya ili miradi ya zamani ibaki kama ilivyokuwa.

VIPIMO VINAANZIA KWENYE SIMU

Unapohariri unatazama skrini ya kompyuta, lakini mfugaji anatazama simu, na mara nyingi ameishika wima. Fanya hesabu ndogo. Simu yenye upana wa sentimita 7 ikiwa imesimama, video ya mlalo inapata urefu wa karibu milimita 39 tu. Kwenye hizo milimita 39 zimebanwa nukta 1080 za video. Herufi kubwa huchukua kama asilimia 70 ya kipimo cha fonti. Kwa hiyo fonti ya nukta 36, ambayo kwenye kompyuta inapendeza sana, inatoa herufi isiyofika milimita 1. Fonti ya nukta 72 inatoa herufi ya karibu milimita 1.8, na hiyo mtu mzima anaisoma bila kuinua miwani.

Kwa hiyo jina naliandika kwa nukta 72 na kazi kwa nukta 54. Mstatili wangu una kimo cha nukta 190 na upana wa nukta 1200, ukianzia nukta 100 kutoka ukingo wa kushoto. Upana huo haukuja kwa kubahatisha. Kwa fonti ya kawaida ya nukta 72, herufi moja huchukua wastani wa nukta 40, hivyo jina lenye herufi 28 linahitaji nukta 1120. Kabla ya kukiamini kiolezo chochote, kijaribu kwa jina refu kuliko yote unayoyajua kijijini kwako na kwa jina fupi kuliko yote. Ukijaribu kwa jina la wastani tu, siku ya mzee mwenye majina matatu marefu maandishi yatatoka nje ya rangi na kuzama kwenye majani ya migomba.

Ukanda usikae chini kabisa. Sehemu ya chini ya video ndipo mtazamaji akigusa skrini panatokea mstari wa muda, na ndipo manukuu ya YouTube yanapokaa. Mimi naacha nukta 170 chini ya ukanda. Kwa hiyo wakati wa kurekodi namwacha msemaji aonekane kuanzia kifuani, ili ukanda uangukie kwenye nguo na si kwenye kidevu. Na wakati wa kuonyesha vitendo, mkono umeshika kuku na kichupa kiko juu ya jicho, siweki ukanda wowote. Pale mtazamaji anatakiwa aangalie mikono.

Rangi nazo zina jambo la kujua. Video nyingi huhifadhi mwanga wa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila kundi la nukta nne. Maandishi mekundu juu ya kijani yenye mwanga sawa hutofautiana kwa rangi tu, kwa hiyo kingo zake huchafuka, na video ikishapitishwa WhatsApp mara mbili tatu hayasomeki. Maandishi meupe juu ya kijani kilichokolea hutofautiana kwa mwanga, kwa hiyo hubaki. Njia rahisi ya kupima: geuza picha ya skrini iwe nyeusi na nyeupe. Kama maandishi bado yanasomeka vizuri, rangi zako zinafaa. Mstatili pia uwe mzito, usipitishe picha ya nyuma. Mahindi au nyavu za banda zikionekana katikati ya herufi zinazisumbua.

MWENDO UWE MFUPI, NA KLIPU IWE NA UREFU MMOJA

Maandishi yanayotembea hayasomeki. Mwendo una kazi moja, kumwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kipya pale chini; ukishamwita, utulie. Ukanda wangu unateleza kutoka kushoto kwa fremu 12, ambazo kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni kama nusu sekunde. Unasimama zaidi ya sekunde 4 kidogo, kisha unarudi kulekule ulikotoka. Jumla ni fremu 125, yaani sekunde 5. Muda huo unatosha kusoma jina na kazi kwa sauti mara mbili bila haraka, na hicho ndicho kipimo ninachotumia.

Katika Kdenlive naweka athari inayoitwa Transform kwenye klipu, na alama nne za mwendo kwenye thamani ya X:

```
fremu 0     X = -1400
fremu 12    X = 0
fremu 113   X = 0
fremu 124   X = -1400
```

Nimechagua -1400 kwa sababu ukingo wa kulia wa ukanda uko kwenye nukta 1300, kwa hiyo ukisogezwa nukta 1400 kushoto hauonekani kabisa. Athari hiyo naihifadhi, kisha naiweka ileile kwenye klipu ya kazi na klipu ya jina, nazo zinaanza kwenye fremu moja. Zikipishana hata fremu mbili, jina litaonekana linakimbizana na kivuli chake.

Hapa kuna mtego. Alama za mwendo zinahesabiwa kuanzia mwanzo wa klipu. Ukiifupisha klipu iwe sekunde 4 ili iingie mahali padogo, mwendo wa kutoka unakatwa na ukanda unatoweka ghafla. Ukiirefusha, ukanda unaondoka mapema na klipu inabaki tupu. Kwa hiyo urefu wa klipu usiguswe. Kama msemaji anaongea chini ya sekunde 6, tafuta mahali pengine anapoongea zaidi, umtaje pale. Mimi huanzisha ukanda sekunde moja baada ya mtu kuanza kusema, ili mtazamaji aone uso kwanza.

NANI ANASEMA

Kwenye video ya mdondo kulikuwa na wasemaji watatu: mama mfugaji mwenye kuku 40, mtaalamu wa mifugo wa kata, na kijana anayeuza chanjo na dawa sokoni. Wote watatu walisema "mchanje kila baada ya miezi mitatu." Maneno ni yaleyale, lakini mtazamaji ana haki ya kujua yupi anapata faida chanjo ikinunuliwa. Hapo ndipo mstari wa pili wa ukanda unapofanya kazi yake. Sikuandika "Mdau wa mifugo" wala "Mshauri". Niliandika "Anauza chanjo na dawa za mifugo, sokoni." Kijana mwenyewe aliusoma kabla sijachapisha, akasema hana shida nao, ndiyo kazi yake.

Nimetenga rangi pia: kijani kwa mfugaji, bluu iliyokolea kwa mtaalamu, kahawia kwa mwenye biashara. Lakini rangi ni nyongeza tu. Mtazamaji mpya haijui maana yake, na wapo wasiotofautisha kijani na kahawia. Maneno ndiyo yanayobeba ukweli. Rangi humsaidia yule aliyekwisha kuona video zako kumi.

Kuhusu majina, siku ya kurekodi nampa kila msemaji karatasi na kalamu aandike mwenyewe jina lake na namna anavyotaka atambulishwe, kisha napiga picha ile karatasi. Asiyeandika ananitajia herufi kwa herufi. Tukiandika kwa kusikia tu, mtu aliyeitwa Mshana anageuka Mshama mbele ya kijiji kizima, na video ikishasambaa haiitiki.

KADI YA MADA NA KADI YA KIPIMO

Kadi ya mada inakaa sekunde 3. Ina mistari miwili: "Kuchanja kuku dhidi ya mdondo", na chini yake mwezi na mwaka wa kurekodi. Jina la chaneli liko kwenye alama ndogo pembeni, linatosha. Mwezi na mwaka ni lazima kwa sababu video inapotumwa WhatsApp inaacha nyuma maelezo yote uliyoandika YouTube. Kinachosafiri ni picha yenyewe tu. Miaka mitatu baadaye, bei na ushauri vikiwa vimebadilika, mfugaji hana njia nyingine ya kujua kwamba anaangalia kitu cha zamani.

Kadi ya kipimo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa hiyo ina masharti. Inajaza skrini nzima, haikai chini. Inabeba sentensi moja. Na siku zote inataja jina la chanjo au dawa pamoja na kipimo, kamwe kipimo peke yake. Ya video hii ilisomeka: "Chanjo ya mdondo I-2: tone 1, jicho 1, kila kuku. Rudia baada ya miezi 3." Kama ile kadi ya lita 20 ingekuwa imetaja gumboro, yule mama angeona kuwa haihusiani na kichupa alichoshika.

YANAYOHARIBIKA UKIHAMIA KIFAA KINGINE

Faili la kiolezo hubeba jina la fonti tu, halibebi fonti yenyewe. Ukilifungua kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu inaweka nyingine kimyakimya. Dalili yake ni herufi kuwa pana na jina kugusa ukingo wa ukanda. Dawa ni kutumia fonti ya bure kama Noto Sans, na kuweka faili la fonti ndani ya folda ileile ya violezo ili lisafiri nalo kwenye fleshi.

Wanaohariri kwa simu wananiomba niwatumie ukanda wangu. MP4 ya kawaida haihifadhi uwazi, kwa hiyo ukanda ukiutoa hivyo unafika ukiwa na mandhari nyeusi inayofunika video nzima. Njia ya kuzunguka ni kuutoa ukiwa juu ya rangi moja kali, kisha programu ya simu iifute rangi hiyo. Wengi huchagua kijani kwa mazoea, halafu wanashangaa ukanda wa mfugaji, ambao nao ni wa kijani, unapotoboka. Ukanda wa kijani toa juu ya zambarau. Na utoe ukanda mtupu bila jina. Jina liandikwe kwenye simu. Ukituma ukanda wenye jina la mtu, utarudi kwenye tatizo la mradi ulionakiliwa.

Kabla ya kupandisha video, pitia mambo mawili. Iangalie yote kwenye simu iliyoshikwa wima, sauti ikiwa imezimwa, ukisoma maandishi peke yake kana kwamba ndiyo mafunzo yote. Kisha mpe mwenzako ambaye hakuwepo kwenye kurekodi, na picha za zile karatasi za majina, alinganishe moja baada ya jingine. Kwa video ya dakika sita kazi hiyo haizidi dakika kumi na tano.

Ukitaka kuanza wiki hii, anza na faili la kipimo. Majina yanaweza kusubiri, lakini kipimo kuna mtu atakifuata usiku akiwa amezima sauti. Atakayekwama kwenye hatua yoyote aniandikie hapo chini, anieleze anatumia kompyuta au simu.